Naomba ushauri: kulipia video ambayo watazamaji wake hawabaki

Ndugu wanachama, salaam. Nina video ya dakika 12 ya YouTube inayofundisha ukataji wa kitambaa, ambayo watazamaji waliofika wenyewe huitazama karibu nusu nzima. Niliilipia itangazwe kupitia Promotions, huduma ya matangazo ya YouTube yenyewe, kwa bajeti ndogo, nikiacha nchi zote wazi. Idadi ya watazamaji ilipanda haraka, lakini takwimu za vyanzo zinaonyesha kwamba waliotoka kwenye YouTube advertising huondoka mapema, wengi wao wakiwa katika nchi zisizozungumza Kiswahili, na wanaojiandikisha ni wachache mno. Isitoshe, saa za kutazamwa zinazotokana na tangazo hazihesabiwi katika zile 4,000 ambazo YouTube huzitaka kabla ya kuomba kulipwa mapato ya matangazo, jambo ambalo kwangu ni zito.

Nimeshabana lugha na nchi ambazo tangazo linaonyeshwa. Sasa kila mtazamaji ananigharimu zaidi, ingawa wanakaa muda mrefu kidogo.

Naomba kuuliza: je, bei hiyo ya juu ni ya kuvumilia iwapo muda wa kutazama unaongezeka? Na ni kipimo gani hasa, wanaojiandikisha au wanaorudi kutazama video nyingine, kinachowaonyesha ninyi kwamba ni wakati wa kusitisha malipo?