Vizibo mfukoni au orodha ya kuhesabu: nitumie ipi kuwauliza bodaboda kuhusu pombe?

Mdadisi wa Tandika

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu kabla sijachapisha dodoso.

Nataka kujua ni sehemu gani ya madereva bodaboda wa Temeke waliobeba abiria wakiwa wamekunywa pombe ndani ya siku 7 zilizopita. Wiki iliyopita nilijaribu kuuliza moja kwa moja kwenye vijiwe vitatu, watu 30. Wote walisema hapana. Kijana mmoja nilimuuliza wenzake wamemzunguka, na mwenye pikipiki amesimama pembeni akisubiri hesabu ya siku. Alimtazama kwanza yule bosi, ndipo akanijibu. Nikajua hapo sijapata kitu.

Nimesoma njia mbili. Ya kwanza ni ya bahati nasibu: dereva anachomoa kizibo cha soda mfukoni bila mimi kukiona. Vizibo ni 6. Chekundu kimoja, sema "ndiyo" hata kama hujanywa. Cheusi kimoja, sema "hapana" hata kama umekunywa. Vyeupe vinne, jibu ukweli. Ya pili ni orodha: nusu ya watu wanasomewa mambo 4 ya kawaida, nusu nyingine mambo hayo hayo 4 pamoja na la pombe, na kila mtu ananitajia idadi tu, si yapi. Bajeti yangu ni watu 400. Nichague ipi?

Mzee wa Chati

Orodha, bila kusita. Nicaragua waliwauliza wapiga kura kama walipewa zawadi ili wapige kura upande fulani. Kwa swali la wazi walikiri asilimia 2, kwa orodha ikatoka kama asilimia 24. Hapa kwetu pia imetumika Serengeti kuuliza kuhusu uwindaji haramu. Dereva anasema "mbili" na maisha yanaendelea. Hiyo ya vizibo utamaliza dakika kumi unaeleza na bado hajakuelewa.

Hesabu ya vizibo yenyewe ni rahisi, hilo nakubali. Kizibo chekundu ni moja kwa sita, karibu asilimia 17. Ukipata "ndiyo" asilimia 32.5, toa 16.7, unabaki na 15.8. Hao ndio wanywaji wako.

Mama Sampuli

Mzee wangu, shikamoo. Kutoa umetoa sawasawa, lakini umeishia njiani. Hiyo 15.8 imetoka kwa watu waliochomoa vizibo vyeupe tu, nao ni wanne kati ya kila sita. Lazima uigawe kwa 4/6 ndipo iwasemee wote:

(0.325 − 0.167) ÷ 0.667 = 0.2375

Yaani kama asilimia 24, si 16. Kosa hili nimeliona hata kwenye ripoti zilizokwisha kujalidiwa.

Sasa kwako mwanangu Mdadisi. Kinachoamua ni hao watu 400. Tuseme "ndiyo" ni 130 kati ya 400. Kwa vizibo unapata asilimia 24, jumlisha au toa 7. Swali la wazi, kama watu wangesema kweli, lingekupa jumlisha au toa 4. Hizo pointi tatu ndizo bei unayolipa ili kumfichia mtu siri yake.

Kwa orodha unawagawa 200 na 200, na jibu lako ni tofauti ya wastani mbili. Tuseme kundi la mambo 4 wastani ni 1.92 na la mambo 5 ni 2.05. Tofauti ni 0.13, yaani asilimia 13. Lakini idadi wanazotaja watu zinatawanyika: huyu sifuri, yule tatu. Mtawanyiko ukiwa wa kawaida tu, hapo una jumlisha au toa 18. Utaandika kwamba wanaoendesha wamekunywa ni kati ya chini ya sifuri na asilimia 31. Nani atakusikiliza? Ili ufikie ubora wa vizibo utahitaji watu kama 2,600.

Binti Kurasini

Samahani kuingilia, nami nina langu. Nasimamia kikundi cha kina mama wanaouza chakula karibu na kituo cha daladala, na wawili kati yao nina hofu wanapigwa nyumbani. Nikitumia hivi vizibo nitajuaje ni nani ili nimsaidie?

Mama Sampuli

Hutajua, dada, na ndivyo njia ilivyotengenezwa. Stanley Warner alipoiandika mwaka 1965 shabaha yake ilikuwa kupata kiwango cha kundi zima huku jibu la mtu mmoja likibaki halina maana. Mama akikuambia "ndiyo" huenda alichomoa chekundu. Kwa watu wawili unaowafahamu kwa sura usifanye utafiti. Kaa na kila mmoja peke yake, mahali ambapo mumewe hafiki, umsikilize.

Jongoo wa Mbagala

Mimi niliwahi kuwa mdadisi kwenye kazi kama hii, tulitumia dadu. Shida haikuwa hesabu. Kuna mzee mmoja, mtu wa swala tano, dadu ikamwangukia upande wa "sema ndiyo". Alinitazama akasema, "Kijana, mimi sijaonja pombe tangu nizaliwe, unataka niseme ndiyo?" Akasema hapana. Na dadu lenyewe wengine walilikataa, wakaona ni kamari. Vizibo vya soda ni bora kwa hilo, lakini neno "ndiyo" bado lina uchungu kwa asiyenywa.

Mama Sampuli

Jongoo amegusa penyewe. Fanya hesabu uone. Kati ya 400, kama 67 watachomoa chekundu. Wote hao wakikataa kusema "ndiyo", ile 24 yako inashuka hadi chini kidogo ya sifuri. Kwa hiyo mfano wangu ulidhani kila mtu anatii, na hilo usilichukulie kimyakimya.

Namna ya kujua ipo. Weka swali moja ambalo hakuna anayeweza kulijibu ndiyo kwa kweli, mfano "Umewahi kuwa nahodha wa meli ya Zanzibar?", ulipitishe kwenye vizibo vile vile. Ndiyo zinapaswa kuwa karibu 67, na kwa bahati tu zinaweza kucheza kati ya 52 na 82 hivi. Zikija 40, ujue watu wanaukimbia wekundu, na jibu lako la pombe liko chini ya ukweli.

Tena uanze na zoezi la wazi. Muulize "Jana ulikula ugali?" achomoe kizibo mbele yako mkikiona wote. Akitoa chekundu naye alikula wali, mwambie aseme "ndiyo". Akicheka, ameelewa. Baada ya hapo geuka, achomoe, akirudishe mfukoni mwenyewe, atikise, ndipo akujibu.

Mzee wa Chati

Marahaba. Kwenye kugawa nimekubali, nilipitiwa. Lakini bado kwenye orodha hakuna anayelazimishwa kusema uongo. Huyo mzee wa Jongoo angesema "mbili" akaenda zake msikitini na moyo mweupe. Hilo halina thamani?

Mdadisi wa Tandika

Naweka orodha yangu mwone, yote ni ya wiki hii: nimebadilisha oili, nimepeleka abiria Kariakoo, nimebeba mshikaki, nimeongeza vocha. La tano ndilo la pombe.

Jongoo wa Mbagala

Mshikaki toa, mkuu. Kubeba wawili ni kosa la barabarani, kwa hiyo umechanganya siri mbili. Na hayo mengine kila dereva wa Temeke anayafanya kila wiki. Aliyefanya yote manne, ukimsomea matano akasema "tano", amejianika. Naye anajua, atasema "nne".

Mama Sampuli

Ndivyo. Weka mambo mawili yasiyoweza kumpata mtu mmoja kwa pamoja: "Jumapili iliyopita niliendesha tangu asubuhi hadi usiku" na "Jumapili iliyopita sikuwasha pikipiki kabisa". Ongeza moja ambalo karibu wote wamefanya, kama oili, ili sifuri ziwe chache, na moja la nadra, kama kulala Bagamoyo. Hapo hakuna atakayefikia yote manne. Faida nyingine, idadi hazitatawanyika sana, na ile 18 itapungua. Kufikia 7 haitafikia.

Na orodha nayo ina ugonjwa wake, Mzee wangu. Mtu akisikia tu neno pombe anaweza kukata mjadala kwa kusema "sifuri", asije akahusishwa. Ulinganishe: kundi la mambo 4 likiwa na sifuri 6 kati ya 200, na la mambo 5 likawa na sifuri 19, kuna kitu kimeharibika, maana kuongeza jambo kwenye orodha hakuwezi kuongeza waliofanya sifuri. Hapo tofauti ya wastani usiitumie hata kama inapendeza.

Kuhusu mzee wa swala tano, swali lako ni la haki. Njia ya kwanza ya Warner haikuwa na "sema ndiyo". Weka vizibo 10: vyeupe 7 vinamaanisha sentensi "Nimebeba abiria nikiwa nimekunywa", vyekundu 3 vinamaanisha "Sijabeba abiria nikiwa nimekunywa". Anachomoa, anasema "kweli" au "si kweli" bila kukuambia rangi. Hakuna anayedanganya. Lakini kwa watu 400 unapata jumlisha au toa 12. Ni katikati ya zile mbili.

Jongoo wa Mbagala

Swali kwa Mama. Huko Nicaragua tunasema 24 ni bora kuliko 2 kwa sababu ni kubwa. Je, asiyenywa akikosea maelekezo ya vizibo akasema "ndiyo" ovyo? Namba itapanda na sisi tutashangilia.

Mama Sampuli

Hoja nzito, na sina jibu la kuimaliza. Swali la nahodha linasaidia kidogo: ndiyo zikizidi 82 kwa mbali, kuna wanaojibu ovyo. Lakini wakataaji na wanaokosea wanaweza kufutana, ukaona 67 nzuri kabisa. Kipimo cha kweli ni kuuliza kundi ambalo ukweli wake unao tayari, na kwa pombe ya wiki iliyopita sijui utaupata wapi.

Mzee wa Chati

Kwa nini asifanye zote mbili? 200 vizibo, 200 orodha.

Mama Sampuli

Orodha ya 100 kwa 100 itatoa jumlisha au toa 25, Mzee wangu. Zitakubaliana hata zisipokubaliana.

Mdadisi wa Tandika

Nashukuru sana nyote. Nimeamua hivi: Jumatatu naenda kijiwe kimoja Mbagala Rangi Tatu na watu 60, 30 kwa vizibo vya "sema ndiyo", 30 kwa vile 10 vya sentensi mbili. Sitafuti asilimia. Nataka kuona wangapi wanakataa kuchomoa, wangapi wanauliza mara ya pili, na wenye swala zao wanasemaje. Swali la nahodha nimeliingiza kwa wale 30 wa kwanza. Kila mtu nitamwita pembeni kwenye benchi la fundi pancha, mbali na mwenye pikipiki.

Jambo moja bado linanisumbua: vizibo navifunga kwenye soksi au mfuko wa kitambaa? Kwenye kitambaa chembamba rangi nyekundu inaonekana juani.

Jongoo wa Mbagala

Soksi nyeusi nene ya shule. Na ukague vizibo vyote viwe vya soda ya aina moja. Kwetu kimoja kilikuwa kimepinda, watu wakakizoea kwa vidole.