Tupeane uzoefu: advansi ya mshahara hotelini, na makato yanapokutana na masika

Mwenye uzi: Assalaam alaykum. Wengi wetu hueleza shida vizuri kwenye barua, lakini penye makato huandika "nitalipa kidogo kidogo". Tuelekezane hapo.

Mhasibu, Paje: Waalaykum salaam. Anza na silipu, usihesabu kwa mshahara wa mkataba. Tuseme baada ya ZSSF na kodi unapokea 480,000, na unataka 600,000 za kuezekea nyumba. Kwa miezi mitano ni 120,000 kila mwezi, unabaki na 360,000. Sawa. Sasa tazama kalenda: ukichukua Januari, makato yanaanza Februari hadi Juni, na katikati kuna masika. Aprili na Mei hoteli nyingi za pwani hufunga au hupunguza watu, na likizo bila malipo haina mshahara wa kukatwa. Usipoandika kitu, Juni unaweza kukatwa miezi mitatu kwa mpigo, 360,000, ukarudi nyumbani na 120,000. Kwa hiyo andika hivi:

"Naomba Sh. 600,000 za kuezekea nyumba. Makisio ya mabati nimeyaambatanisha. Nakubali kukatwa Sh. 120,000 kwa mwezi: Februari, Machi, Juni, Julai na Agosti. Mwezi wa likizo bila malipo nisikatwe, wala usijumlishwe na unaofuata."

Kijana wa Chake: Sababu ni siri ya mtu. "Matatizo ya kifamilia" yanatosha.

Bi Utumishi: Mwanangu, nusu umesema kweli. Jina la maradhi huna haja ya kulitaja. Lakini anayetia saini anataka kujua fedha zinahitajika lini na kwa nini kiasi hicho. "Mgonjwa wangu anapasuliwa tarehe 14, gharama ni hizi" inamfanya aamue leo. Matatizo ya kifamilia yasiyo na tarehe hungoja chini ya faili.

Mwalimu, Wete: Na mimi ninayekatwa na benki, nitaongezewa mkopo?

Mhasibu, Paje: Hilo la benki ni jengine, Mwalimu, waulize wenyewe. Kwa advansi, hesabu kutoka kile kinachobaki baada ya benki kuchukua chake.

Kijana wa Chake: Kuna wanaokata asilimia 5 ya "uendeshaji". Kwa 600,000 ni 30,000. Si riba hiyo?

Bi Utumishi: Wako wanaosema ada ya kazi halisi inajuzu. Lakini karatasi ya 600,000 na ya 200,000 kazi yake ni moja, kwa nini ada ipande na kiasi? Mie singetia saini kabla ya kumuuliza shehe.

Mhasibu, Paje: Mimi naona inategemea wameiandikaje. Lisilo na ubishi ni nakala: chukua yenye saini ya meneja, na kwenye silipu ya Februari hakikisha salio linasomeka 480,000. Likisomeka 600,000 ilhali umekatwa, nenda kwa mhasibu wiki hiyo hiyo, kabla hajafunga mahesabu ya Machi.