Naomba ushauri: barua pepe ya kuipendekezea kamati filamu fupi ya kusanyiko lao la mwaka

Mshika Kamera

Wakuu, habari za kazi. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikirekodi harusi, na sasa ninataka kuiandikia kamati ya jumuiya moja ambayo hufanya kusanyiko la siku nzima kila mwaka, ili niwatengenezee filamu fupi ya kumbukumbu. Zimebaki wiki sita. Asubuhi huwa na hotuba na taarifa ya mwaka, mchana kuna chakula na michezo ya watoto, na jioni hutolewa tuzo. Tutakuwa wawili, kila mmoja na kamera yake.

Sehemu kuu ya barua yangu inasema hivi:

"Tutarekodi kusanyiko lenu lote na kuwatengenezea filamu nzuri ya kumbukumbu, ambayo mtaipata ndani ya wiki mbili. Tutafanya marekebisho mpaka mridhike."

Rafiki yangu ameisoma akasema imejaa mitego, lakini hakuniambia ni ipi. Naomba mnisaidie kabla sijaituma.

Diski Imejaa

Rafiki yako ana haki ya kushtuka. Anza na neno "lote". Wewe ulipoliandika ulikuwa unafikiria kwamba mtakuwapo tangu asubuhi hadi jioni, ilhali mjumbe atakayelisoma ataelewa kwamba hotuba yake ya dakika arobaini itakuwamo nzima. Filamu ya dakika nne haibebi hotuba. Inabeba sentensi mbili au tatu za mzungumzaji, kisha inahamia kwenye nyuso za waliokuwa wakimsikiliza. Kwa hiyo andika urefu wa filamu, taja sehemu za siku ambazo lazima zionekane, halafu andika waziwazi kisichokuwamo, yaani kurekodi hotuba kwa ukamilifu. Wakizitaka nzima, hiyo ni kazi ya pili, kwa sababu kamera moja italazimika kukaa juu ya miguu mitatu mbele ya jukwaa bila kuondoka, nawe utabaki peke yako kuwafuata watu uwanjani.

"Mpaka mridhike" lifute kabisa. Bwana na bibi harusi ni watu wawili na wanaweza kukubaliana jioni moja, lakini kamati ya watu tisa haina siku ya kuridhika. Awamu mbili za marekebisho zinatosha: ya kwanza kwa mpangilio na picha za kuongeza au kuondoa, ya pili kwa majina, vyeo na makosa madogo. Majina yaliyokosewa ndiyo yanayoleta ugomvi kuliko picha mbaya, hivyo waombe orodha yake kwa maandishi kabla ya siku yenyewe.

Jambo la tatu ni sauti. Sema katika barua kwamba mtahitaji kuunganisha kinasa sauti kwenye mitambo ya fundi wao wa sauti, na kwamba kamati imwarifu mapema. Ukimfuata asubuhi ile watu wakiwa wameshaketi, atakukatalia, nawe utarudi nyumbani na hotuba zinazosikika kama zimesemewa ndani ya pipa.

Tarehe Kwanza

Mimi naona tatizo kubwa ni "ndani ya wiki mbili". Wiki mbili kuanzia lini? Andika tarehe ya kalenda kwa kila hatua, hadi ya kukabidhi kazi iliyokamilika, na usikubali kuzibadilisha. Kamati huheshimu tarehe.

Diski Imejaa

Ndugu Tarehe Kwanza, nakubaliana nawe kwa nusu. Tarehe ya rasimu ya kwanza ni yake, kwa kuwa inategemea uhariri wake mwenyewe, na aiandike. Tarehe ya mwisho si yake peke yake. Akiahidi tarehe 30, nao wakaleta maoni tarehe 29, ni nani aliyechelewa? Hatua ya mwisho ihesabiwe tangu siku anayopokea maoni.

Lenzi ya Jioni

Angalia pia kasi ya intaneti ya kupandisha data, kwa sababu matangazo ya moja kwa moja yakikatika katikati watu hulalamika sana. Sisi tuliwahi kukatika wakati wa tuzo, na hadi leo tunakumbushwa.

Mshika Kamera

Ahsante, lakini sikukusudia kutangaza moja kwa moja. Ni filamu ya baadaye.

Diski Imejaa

Hata hivyo umeona jinsi mtu anavyoweza kuelewa tofauti. Ongeza matangazo ya moja kwa moja kwenye yasiyokuwamo.

Katibu wa Zamani

Nimekuwa katibu wa kamati ya namna hiyo, basi niwaeleze upande wa wanaoipokea barua. Barua pepe yako haisomwi na kamati. Inasomwa na katibu, naye huisoma kwa sauti kikaoni au huieleza kwa dakika mbili. Ikiwa na maelezo ya lenzi, ataruka aya nzima. Mwili wa barua uwe na aya tatu, na mipaka ya kazi pamoja na ratiba viwe kwenye ukurasa mmoja ulioambatishwa, ambao anaweza kuuchapa na kuugawa.

La muhimu zaidi ni kwamba kamati nyingi hukutana mara moja kwa mwezi. Ukiwapa siku saba za kutoa maoni, na kikao kiko wiki ya tatu, hutapata neno, au utapata maoni ya mjumbe mmoja mwenye haraka, kisha wengine wayapinge. Muulize katibu tarehe za vikao kabla ya kupanga ratiba. Tuseme kikao kinachofuata ni siku ya 20 baada ya kusanyiko. Peleka rasimu siku ya 16, iwe imetazamwa kabla hawajaketi. Waombe maoni kwa maandishi mamoja, kutoka kwa mtu mmoja waliyemteua, kufikia siku ya 23, nawe ukabidhi ndani ya siku tano za kazi. Jumla ni mwezi, na hakuna anayekimbizwa.

Mshika Kamera

Hilo la vikao sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Je, wakidai picha ghafi zote?

Diski Imejaa

Kamera ikirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, kila saa ni takribani gigabaiti 45. Kamera mbili kwa saa tano ni gigabaiti 450. Andika kwamba utazihifadhi kwa miezi mitatu, na kwamba hazimo katika kazi hii. Mimi sizitoi, kwa sababu mtu atazihariri vibaya na jina langu litabaki hapo.

Katibu wa Zamani

Hapo tunatofautiana. Kusanyiko ni la jumuiya, na wazee wanaoonekana mle huenda mwakani wasiwepo. Wakileta diski yao, wape.

Mshika Kamera

Nimeandika upya hivi:

"Tunapendekeza filamu moja ya dakika tatu hadi nne, itakayoonyesha hotuba kwa vipande, michezo ya watoto na utoaji wa tuzo. Kurekodi hotuba nzima na kutangaza moja kwa moja havimo katika pendekezo hili. Rasimu ya kwanza itawafikia siku nne kabla ya kikao chenu kitakachofuata kusanyiko. Tunaomba mteue mtu mmoja wa kutuletea maoni yenu kwa maandishi ndani ya siku tatu baada ya kikao, nasi tutakabidhi filamu ndani ya siku tano za kazi tangu kuyapokea. Awamu za marekebisho ni mbili."

Picha ghafi bado sijaziamulia.

Katibu wa Zamani

Hii ningeisoma kikaoni bila kuruka neno. Ila nimeona kasoro moja: umesema awamu mbili, lakini ratiba yako ina nafasi ya moja tu. Iongezee ya pili siku zake kabla hujatuma.