Mrejesho: picha ya ubongo wa mama

Niliuliza: "Mama ana miaka 78, anasahau sana. Majibu ya siti skani yanasema ubongo umesinyaa na mishipa midogo ina mabadiliko. Ndiyo basi tena?"

Wakuu, tumerudi kliniki. Daktari alituonyesha picha: mifereji ya ubongo imepanuka, na pembeni ya matundu ya maji kuna ukungu mweusi. Akasema kusinyaa kiasi ni kawaida kwa umri wake, na picha peke yake haithibitishi ugonjwa wa kusahau. Ule ukungu ndio uliomshughulisha, kwa sababu mara nyingi ni kazi ya presha ya miaka mingi. Ya mama ilisoma 172 kwa 94. Kumbe dawa alikuwa anameza siku kichwa kikiuma tu!

Kisha akaomba mfuko wa dawa zote. Humo mlikuwa na piritoni, anazomeza kila usiku apate usingizi. Hizo huzidisha usahaulifu kwa wazee, akazisimamisha.

Wiki ya sita sasa, presha 138 kwa 80. Mchangamfu kidogo, ingawa jana kaniita kwa jina la marehemu mjomba. Kilichokwisha kuharibika hakirudi, tumeambiwa. Majibu ya damu ya tezi na vitamini B12 bado tunasubiri.