Nina povu kichwani, mwenye nyumba ananiuliza kama nilizaliwa ziwani

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sabuni masikioni. Mnamjua huyu mzee, kila mtaa wa Dodoma anaye wake. Ana suruali ya kaki na funguo kiunoni kama askari magereza, na kodi haichelewi kwake hata kwa saa moja.

Siku 18 tangi la juu halina tone. Nanunua madumu manne kwa siku, dumu 500. Piga hesabu: 36,000 imeenda kwa wenye maguta, nao sasa wananiita bosi.

Leo asubuhi dumu limeniishia katikati ya kuoga. Nimejifunga taulo, povu linashuka machoni, nikamfuata getini. Akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala, akasema: "Mwanangu, kwani ulizaliwa ziwani?" Nina povu, jamani! Ziwani!

Nimemwandikia barua, ikagueni kabla sijaipeleka:

"Shikamoo Baba. Naandika kwa heshima kuhusu maji. Tangu tarehe 3 tangi ni kavu. Juzi usiku maji yalitoka bomba la nje, lile la karibu na mita. Nilifunga koki zote saa nne usiku, mita ikisoma 412.306. Alfajiri ilisoma 412.890, yaani lita 584, na tangi bado kavu. Naona bomba limepasuka baada ya mita, pale ulipojengea uzio mpya. Kiangazi hiki kila mahali ni vumbi, pale tu majani ni mabichi na mbuzi wako hawabanduki. Najua uzio umekugharimu, na sikulaumu kwa mgao. Naomba fundi aje kabla ya Jumamosi. Ukibanwa, niruhusu kwa maandishi nimlipe mimi, nikuletee risiti, tukate kwenye kodi ya miezi mitatu ijayo. Mtoto wa chumba cha pili anaharisha na mama yake hana maji ya kumsafisha. Mpangaji wako, chumba namba 4."

Ziwani, wakuu. Povu likiwa kichwani.

Zabibu Kavu: Povu la kichwani limekauka, la mdomoni bado 😂

Mpangaji Sugu: Barua ndefu ya nini? Mita kuzunguka koki zikiwa zimefungwa ni bomba limepasuka, basi. Usimlipe kodi, atanyooka.

Fundi Bomba Nkuhungu: Sugu, umepatia nusu. Mita inaweza kuzunguka kwa sababu tangi linajaa, ila yeye kasema lilibaki kavu, hapo sawa. Tatizo ni upepo. Maji yakirudi baada ya mgao, upepo hutangulia bombani na mita inauhesabu. Mkuu, rudia: maji yakishatulia, funga koki zote pamoja na ile ya kupandisha tangini, tazama kile kigurudumu kidogo cha mita robo saa. Kikitembea, pochi la mwenye nyumba hilo, maana baada ya mita ni mali yake. Kikisimama, basi bomba la chini ni zima, angalia floti ya tangi au presha ya kupandisha. Ila hayo majani mabichi... mimi ningeanza kuchimba pale.

Mwanasheria wa Kijiweni: Usikate kodi bila maandishi yake, utageuka mdaiwa wewe. Ongeza sentensi moja tu: kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kinambebesha anayepangisha sehemu ya jengo matengenezo ya mifumo ya pamoja. Usiandike kwa kutisha. Peleka nakala kwa mwenyekiti wa mtaa, akusainie kwamba imepokelewa. Baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu, halihukumu.

Mama Ubuyu: Ya mtoto ndiyo uiweke mwanzo. Mzee ana wajukuu, atasoma hapo. Lita 584 hazimtoi mtu machozi.

Mleta uzi: Fundi, usiku huu narudia. Mama, nimepandisha ya mtoto. Ila "ziwani" naiweka wapi?

Mama Ubuyu: Usiiweke baba. Barua ni ya maji.

Mleta uzi: NILIKUWA NA POVU.

Mpangaji Sugu: Angekuwa wangu nisingeandika hata nukta.

Zabibu Kavu: Sugu, wewe si ndiye ulihamishwa Chang'ombe na godoro kichwani?

Mpangaji Sugu: Nilihama kwa hiari.

Kijana wa Ipagala: Samahani, mnazungumzia luku? Kwetu tuko vyumba sita luku moja, kuna mtu anapika maharage kwa jiko la umeme usiku wa manane. Asubuhi uniti zimeisha, na mlangoni kwake kunanuka vitunguu.

Mama Ubuyu: Huyo anaishi na kwetu pia!

Zabibu Kavu: Mfungulie uzi wake. Maharage ya saa nane usiku, hiyo ni jinai.