Wastani wa wiki nne au kulainisha: nifuate ipi kuagiza mchele?

DukaKongowea:
Assalaam aleikum. Nina duka la jumla karibu na soko la Kongowea. Miaka yote naagiza mchele kwa kukisia: mara stoo imejaa hadi mlangoni, mara wateja warudi mikono mitupu. Kijana wangu amenitengenezea ekseli mbili. Moja yachukua wastani wa wiki nne zilizopita. Ya pili yalainisha, yaani yachukua kisio la wiki iliyopita na kulisogeza kidogo kuelekea mauzo halisi. Kwa wiki ijayo ya kwanza yasema mifuko 35, ya pili 37. Naagiza kesho. Nifuate ipi?

MwanaWaLikoni:
Mifuko ya kilo ngapi? Ukipiga simu leo mzigo wafika lini? Stoo mna ngapi sasa? Bila hayo tutakupigia ramli tu.

KasiKasi:
Kulainisha, hakuna mjadala. Wastani wa wiki nne hufika sherehe imeisha. Weka alfa, ile sehemu ya kusogeza, 0.5 ulale usingizi.

DukaKongowea:
Samahani. Kilo 25. Mzigo huchukua wiki mbili. Mauzo ya wiki nne ni 38, 42, 14, 46. Stoo ina 30. Alfa ni 0.2, C ni mauzo na D ni kisio:

```
=D5+0.2*(C5-D5)
```

MzeeWaStoo:
Hiyo 14 yanitia shaka. Waliotaka walikuwa 14, au wewe ndiye uliyekuwa na 14?

DukaKongowea:
Nilikuwa na 14 tu, mzigo ulichelewa. Twauza siku sita kwa wiki, lakini ile iliisha Jumanne jioni. Waliobaki walikwenda kwa jirani.

MzeeWaStoo:
Basi usizigombanishe ekseli, zote mbili zimelishwa uongo. Ulirekodi ulichouza, si kilichotakiwa. Mifuko 14 kwa siku mbili ni kama 42 kwa siku sita. Weka 42 pale, wastani wako watoka 35 wafika 42. Kwenye kulainisha, kama kisio la wiki ile lilikuwa 40, hiyo 14 ililishusha hadi 34.8, na 46 ikalirudisha 37 tu. Ukisahihisha utapata 41.5. Tofauti ya njia hizi mbili ni nusu mfuko. Tofauti ya daftari lako ni mifuko saba kwenye wastani, minne na nusu kwenye kulainisha.

Na KasiKasi, kwa alfa 0.5 kisio lingeanguka toka 40 hadi 27 kwa wiki moja, yaani angeagiza kidogo kabisa wakati wateja wamemkimbia. Isitoshe, mauzo yanayotumiwa na wastani wa wiki nne yana umri wa kadiri sawa na ya alfa 0.4 hivi. Hiyo 0.5 yako si mnyama mwingine.

KasiKasi:
Lakini mtaa ukibadilika kweli, jirani akifunga duka, 0.2 itamchelewesha miezi.

MzeeWaStoo:
Wiki kumi hivi, sikatai. Ndiyo maana ajaribu zote kwa mauzo ya nyuma yaliyosahihishwa, aone ipi ilikosea kidogo. Kiasi inachokosea kwa kawaida kila wiki ndicho kitakachompa akiba ya kinga. Tuseme ni mifuko 5: zidisha kwa 2, kisha kwa 1.4, kipeuo cha pili cha 2, kwa sababu mzigo huchukua wiki mbili, ni 14. Ongeza 84 ya wiki mbili. Stoo ikishuka hadi 98, piga simu.

Pwani_Bei:
Kwani mchele gani, pishori? Mfuko mwatoa kwa shilingi ngapi?

BiTende:
Mimi nitasema la tende. Mwaka mmoja nilifuata wastani wa wiki nne bila kufikiri. Ramadhani ilipoingia, wastani ulikuwa bado wahesabu wiki za kawaida, ukaniambia katoni 9. Ziliisha siku ya tatu. Kila wiki namba yapanda, nami nyuma naikimbilia. Wiki ya Idi ikasema 40, nikaagiza 40. Wanangu, baada ya Idi nani ala tende? Nilibaki na katoni 31, mpaka zikaingia wadudu, nikazigawa bure. Na ukitazama tarehe ileile ya mwaka jana utapotea pia, maana mwezi hurudi nyuma siku 10 au 11. Sasa nahesabu wiki kutoka mwandamo wa Shaaban, na wiki za Ramadhani naziweka daftari lake.

DukaKongowea:
Ahsanteni. Lakini mie nina 30, si 98!

MzeeWaStoo:
Umechelewa, bwana. Zitaisha kabla ya wiki kwisha, na mzigo mpya bado. Wiki hizo mbili andika siku mchele ulipokwisha, usiandike mauzo matupu.

KasiKasi:
Na hiyo hesabu ya siku mbili kuwa sita? Jumatatu wenye vibanda hujaza mzigo. Huenda 42 ni kubwa mno.

MwanaWaLikoni:
Hapo ana hoja. Halafu ile 46 ilikuwa mwisho wa mwezi, mishahara imetoka, au ni wale walioshinda bila mchele wiki iliyotangulia?

Pwani_Bei:
Hamjanijibu bei.