Insha 31 kati ya 140 nazitilia shaka, niwape adhabu gani?

Tutor_Mpya: Habari wakuu. Nafundisha mwaka wa kwanza chuo kikuu hapa Tanzania. Nilitoa asaimenti ya insha ya maneno 1,500 kwa Kiingereza. Insha 31 zimekuja na Kiingereza kilichonyooka ambacho darasani wenyewe hawana. Naamini ni ChatGPT. Niwape adhabu gani? Alama zinatakiwa Ijumaa, na silali.

Mama Naa: Usiwaonee huruma, wanataka vya bure. Wangu wa kidato cha pili nimemnyang'anya simu kabisa. Hivi nimrudishie likizo au nisubiri matokeo?

Kalamu Nyekundu: Mwalimu, tuanze na wewe. Umejuaje? Uliwapa siku ngapi? Na alama umezigawaje?

Tutor_Mpya: Nimezipitisha kwenye kigunduzi cha mtandaoni cha maandishi ya mashine, zote 31 zikavuka asilimia 80. Siku sita. Alama ni za kawaida tu.

Kalamu Nyekundu: Kwa kigunduzi peke yake utaumiza wasio na hatia. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walipitisha insha 91 za mtihani wa TOEFL kwenye vigunduzi saba. Zote ziliandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, lakini kwa wastani zaidi ya nusu zilihesabiwa ni za mashine. Vifaa hivi hupima jinsi neno linalofuata linavyotabirika, na mwenye msamiati mdogo hurudia maneno yaleyale, basi anatabirika na kuonekana mashine. Julai mwaka huohuo OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, walikiondoa kigunduzi chao kwa kutokuwa sahihi. Chukua marejeo matatu ya kila insha, utafute kitabu na ukurasa. Mashine hutunga vitabu visivyokuwepo. Halafu mwite mwanafunzi akueleze hoja yake. Alama hujasema.

Tutor_Mpya: Jumla 20. Sarufi na msamiati 8, mpangilio 5, marejeo 4, hoja 3. Mgawo nimeukuta idarani. Na sawa, wiki hiyo walikuwa na majaribio mawili na asaimenti nyingine tatu. Ila ni watu wazima, wangejipanga. Sifuri nimeshazijaza kwenye mfumo, bado kutuma tu.

Msomi wa Bweni B: Mkuu, mimi niko mwaka wa pili. Shule ya msingi miaka saba ni Kiswahili, kidato cha kwanza unageuziwa Kiingereza, na sekondari tunakariri notisi. Insha ndefu ya kujitungia unakutana nayo chuoni. Ukiandika mwenyewe unapoteza zile 8 kabla hoja haijasomwa. Na hizo ni alama za kosiweki, zikishuka unanusa sapu.

Jicho Kali: Huyu si mwalimu! Mwalimu gani anajua asaimenti za wenzake? Ni mwanafunzi kadakwa, anapima upepo kabla ya kuitwa.

Mzee wa Chaki: Hata mimi nimeshtuka. Ila dawa ni moja: kalamu na karatasi ukumbini, basi.

Tutor_Mpya: Ratiba ya majaribio imebandikwa mlangoni idarani, na asaimenti nimeambiwa na wanafunzi. Sina sababu ya kudanganya.

Kalamu Nyekundu: Awe nani, mgawo wa 8 kwa 3 ni uleule, na ndio unaowasukuma. Mzee wa Chaki, ukumbini utazuia simu, lakini mwenye hofu ya lugha atakariri insha nzima na kuimwaga. Mwalimu, muhula ujao igawe kazi ileile kwa wiki nne. Wiki ya kwanza alete swali na vyanzo viwili. Ya pili aandike mpango wa ukurasa mmoja darasani, kwa mkono, na Kiswahili kiruhusiwe. Ya tatu aandike aya moja ya Kiingereza kwa dakika 40, umrudishie ikiwa na makosa mawili tu yaliyowekwa alama. Ukiijaza wino mwekundu, anakimbilia mashine. Ya nne alete insha kamili. Hoja ipe 8, lugha 3, hatua za njiani 5, marejeo 4. Na kaeni idarani mtenganishe tarehe za kukusanya.

Tutor_Mpya: Nimhoji kila mmoja dakika tano? Kwa 140 ni dakika 700, karibu saa 12. Niko peke yangu.

Kalamu Nyekundu: Usihoji wote. Linganisha aya ya darasani na insha, uwaite ambao haviendani. Kwa sasa waite hao 31, ni saa mbili na nusu na ushee. Sifuri zitoe kwanza.

Tutor_Mpya: Nitawaita kesho. Kuzitoa bado sijaamua, mkuu wa idara alishaziona.

Msomi wa Bweni B: Na aliyeandika hoja zake zote kwa Kiswahili, mashine ikamtafsiria tu? Huyo naye anakula sifuri?

Mzee wa Chaki: Kadanganya, kozi ni ya Kiingereza.

Kalamu Nyekundu: Mimi sikubali moja kwa moja. Mwalimu, karatasi ya maelekezo ilikataza kutafsiriwa?

Tutor_Mpya: Haikusema chochote.